Kuota mtihani wakati shule ulishamaliza

"Nimemaliza fomu foo 2009, hesabu nilifaulu vizuri tu, ila mpaka leo naota nimekaa kwenye pepa ya hesabu na sijasoma kitu. Kwa nini?"

Mkuu, hapo kwenye "nilifaulu" ndo penyewe. Freud, yule daktari wa akili wa Austria, aliliandika hili zamani kwenye kitabu chake cha ndoto, kwamba mtu huota mtihani alioupita, sio ule uliomkamata. Yeye mwenyewe alifeli somo la tiba ya kimahakama pale chuoni na hakuwahi kuliota, ila botania na kemia alizopita zilikuwa zinamrudia ndotoni. Alisema inakuja usiku wa kuamkia jambo lenye dhamana kubwa, ambapo mtu anaogopa kuulizwa akakosa jibu.

Dada yangu ni mhasibu, anaota pepa ya fizikia kila wakaguzi wakikaribia, mahesabu yakishapita hata mwezi ukiisha haoti. Kwa hiyo ukiamka usihangaike na hesabu, andika wiki hiyo unasubiri nani akupime, bosi, mkwe, benki, utaanza kuona inajirudia wapi.

Ikiwa inakukata usingizi mara kwa mara, jaribu hivi: mchana ukiwa macho iandike ndoto ila ubadilishe mwisho, mfano unamwambia msimamizi cheti ninacho tayari, unatoka nje, halafu ipitie kichwani dakika kumi hivi kila siku kwa wiki kadhaa. Wataalamu wanaitumia kwa ndoto mbaya na wengi inawapunguzia. Ila kama unaota ajali au kipigo kilichokupata kweli, hiyo usipambane nayo peke yako, muone mtaalamu wa afya ya akili.