Maswali na Majibu: Maneno Yanayoleta Wageni Wasionunua

Nina duka la vikoi Darajani na ninauza pia mtandaoni kwa matangazo ya Google. Watu 160 wamefika kwa kutafuta neno `kikoi towel` na sijauza hata kimoja. Nilizuie lisiite tangazo langu? (Msomaji, Mjini Unguja)

Kabla ya kuzuia, angalia kwanza ukurasa wako. Katika viambatisho ulivyonitumia, kichwa cha bidhaa kinasomeka `Kikoi Beach Towel`, kwa hiyo ni wewe uliyewaita watu hao. Anayeandika `towel` kwa kawaida anataka kitambaa kizito cha kujikaushia, au kikoi kilichoshonewa taulo kwa ndani. Akifika akaona kitambaa chepesi cha pamba, huondoka, nawe umeshalipia mbofyo wake.

Hata hivyo, usilizuie neno `towel` peke yake. Ripoti yako hiyo hiyo inaonyesha kwamba `kikoi travel towel` lilileta watu 90 na likauza vikoi 4. Hao ni wasafiri wanaotaka kitu chepesi kinachokauka upesi, yaani bidhaa uliyo nayo khasa. Ukizuia `towel`, utawafungia mlango wanunuzi wako pamoja na wapita njia. Badilisha kichwa kiwe `Kikoi Cotton Wrap`, na katika mstari wa kwanza wa maelezo utaje urefu, upana na kwamba hakina taulo kwa ndani. Kisha, katika Google Ads, zuia neno lenyewe kamili kwa kulitia mabano ya mraba, pamoja na neno linalotaja kitambaa cha taulo, usichokuwa nacho:

```
[kikoi towel]
terry
```

Mabano hayo yana maana kwamba utafutaji huo tu, bila neno la ziada, ndio utakaozuiwa, na `kikoi travel towel` litaendelea kupita. Kama ungependa kujua iwapo kichwa kipya peke yake kingetosha, kibadilishe kwanza na uchelewe kuzuia mpaka neno hilo likusanye mibofyo mingine ya kutosha. Ukifanya yote mawili siku moja, hutajua ni lipi lililosaidia.

Neno limeleta watu 12 na hakuna aliyenunua. Nilifute? (Wete)

Hapana. Swali hili linarudi kila mara, na kila mara muulizaji hakutazama kiwango cha kawaida cha duka lake. Ikiwa kwa kawaida mtu 1 kati ya 50 hununua, hata neno zuri linaweza kuleta watu 50 bila mauzo, na hilo hutokea zaidi ya mara 1 katika kila 3. Likifika watu 150 bila kuuza, nafasi ya kuwa ni bahati mbaya tu hushuka hadi karibu 5 kwa 100, na hapo ndipo hukumu ina msingi. Neno ambalo maana yake iko mbali kabisa na bidhaa yako ndilo pekee lisilohitaji kusubiriwa. Aidha, usihukumu mibofyo ya siku za karibuni. Mauzo huandikwa kwenye tarehe ya mbofyo, na mnunuzi anaweza kurudi baada ya wiki kadhaa; muda wa kawaida wa kuyahesabu ni siku 30.

Ninauza viungo. Nimezuia `spice tour` lakini wanaotafuta matembezi ya mashamba ya viungo bado wanaingia. (Kizimbani)

Ongeza `tours`. Neno la kuzuia halifuati wingi wala visawe vyake, tofauti na neno unalolinunua. Zuia `tour` na `tours` bila `spice` na bila mabano, kwa sababu hakuna anayenunua mdalasini wa pakiti kwa kuandika maneno hayo.

Jumla ya mibofyo katika `Search terms`, yaani ripoti ya maneno ambayo watu waliyatafuta, ni ndogo kuliko ya kampeni. Naibiwa? (Chake Chake)

Huibiwi. Utafutaji uliofanywa na watu wachache mno hauonyeshwi, kwa ajili ya faragha.

Maneno yangu yote yanaonyesha mauzo sifuri, lakini kila wiki natuma mizigo. (Paje)

Basi ripoti haioni mauzo yako, na ni hatari kubadilisha lolote kwa kuifuata. Wauzaji wetu wengi humalizia biashara kwa WhatsApp: mteja anabofya tangazo, anaona namba, anauliza bei ya kusafirisha mzigo, kisha analipa nje ya tovuti. Kwa ripoti, mtu huyo ni mgeni aliyeondoka bure. Nimewaona watu wakizuia maneno yaliyokuwa yakiwalisha kwa sababu hii. Anza kwa kuhesabu mbofyo wa kitufe cha WhatsApp kama tukio, ukilitenganisha na malipo, kwa maana wengi huuliza na hawanunui. Tazama pia kikapu: ikiwa wageni wa neno fulani huweka bidhaa kikapuni kisha huondoka wanapoona gharama ya posta, neno halina kosa. Iandike gharama hiyo kwenye ukurasa wa bidhaa, karibu na bei.