Kuigawa matriki linganifu kuwa jumla ya projeksheni: pale thamani aigeni inapojirudia

Anayejifunza kuigawa matriki linganifu asianze na mfano ambao thamani aigeni zake zote ni tofauti, kwani huko vekta zake hukutana kwa pembe mraba zenyewe na mahali penye utelezi hapaonekani. Achukue huu:

```
    2 1 1
A = 1 2 1
    1 1 2
```

Ukiizidisha A kwa (1,1,1) unapata (4,4,4), kwa hiyo 4 ni thamani aigeni. Kila vekta ambayo jumla ya vijenzi vyake ni sifuri hubaki ilivyo, kwa hiyo 1 ni thamani aigeni inayojirudia mara mbili.

Kwa kila vekta v tunaunda projeksheni P = vvᵀ/(vᵀv), yaani matriki inayoangusha kivuli cha vekta yoyote juu ya mstari wa v; renki yake ni 1 kwa sababu safu zake zote ni vizidisho vya v. Kila projeksheni huzidishwa kwa thamani aigeni yake, na jumla yake inapaswa kuirudisha A. Kwa (1,1,1), P₁ ni matriki yenye 1/3 kila mahali.

Kwa thamani ya 1, mkono huenda wenyewe kwenye (1,-1,0) na (1,0,-1). Mimi nilifanya hivyo hivyo, nikahakiki kwa kujumlisha ulalo, nikapata 6 kama ulalo wa A, nikaridhika. Uhakiki huo ulinidanganya: ulalo wa kila projeksheni ya renki 1 una jumla ya 1, kwa hiyo 4+1+1 itatoka 6 hata vekta zikiwa zimepinda. Ukikokotoa kijenzi cha kwanza chenyewe, unapata 4/3 + 1/2 + 1/2 = 7/3, ilhali kilipaswa kuwa 2.

Kosa ni kwamba zao la nukta la vekta hizo mbili ni 1, si sifuri, na hivyo vivuli vyake vinapandana. Tunaiacha (1,-1,0) ilivyo, kisha kutoka (1,0,-1) tunaondoa nusu ya ile ya kwanza. Inabaki (1/2,1/2,-1), ambayo tukiizidisha kwa 2 ni (1,1,-2). Sasa:

```
          1 -1  0             1  1 -2
P₂ = 1/2 -1  1  0   P₃ = 1/6  1  1 -2
          0  0  0            -2 -2  4
```

Uhakiki ninaouamini ni P₁ + P₂ + P₃ = I. Kijenzi cha kwanza ni 1/3 + 1/2 + 1/6 = 1, na cha pili katika safu hiyo ni 1/3 - 1/2 + 1/6 = 0. Kisha A = 4P₁ + P₂ + P₃: 4/3 + 1/2 + 1/6 = 2, na 4/3 - 1/2 + 1/6 = 1.

Mwenzako akileta P₂ na P₃ tofauti na zako, usikimbilie kumkosoa, kwa kuwa jozi ya vekta za pembe mraba katika bapa lile inaweza kuzungushwa utakavyo. Kisichobadilika ni jumla yake, P₂ + P₃ = I - P₁, na hiyo ndiyo inayofanya kazi unapotafuta A⁵ = 1024P₁ + (I - P₁): ulalo wake ni 342 na kwingine kote ni 341.