Ahadi laki 7, mkononi laki 4 na kitu: nilivyojifunza kuchangisha zawadi

Mwaka juzi niliwekwa mweka hazina wa zawadi ya kitchen pati ya mwenzetu kazini, tupo 16, tukakubaliana friji la 700,000. Nikagawa kwa idadi yetu, nikaweka 45,000 kila mtu, list ikaanza kutembea kwenye grupu na tiki zake. Ahadi zikafika 720,000, nikaona tumemaliza, nikaenda Kariakoo nikamwambia muuzaji aniwekee friji.

Siku ya kulipa mkononi nina 465,000. Watu wamekausha, meseji wanasoma hawajibu, na shughuli ni kesho. Nikaongezea 235,000 kwenye hela niliyoitenga kwa ada ya mtoto, nikiamini watarudisha. Mpaka leo sijaona hata mia.

Nilikasirika sana lakini nikaja kujiuliza, hivi yule binti wa fildi asiye na mshahara nilitaka atoe 45,000 sawa na bosi? Na kwenye list ya wazi angeandika nini? Wa kwanza akiandika 50,000 wa pili anaona aibu kuandika 10,000, kwa hiyo anaahidi hela ambayo hana, halafu anaanza kukukwepa koridoni. Najua kamati za harusi zinasoma majina na watu wanalipa, sawa, ila kule kuna vikao na watu wa kufuatilia mwezi mzima, sisi tulikuwa na wiki mbili tu.

Mwaka huu dada yetu mmoja akastaafu, anataka kufungua kibanda cha ushonaji, nikapewa tena kazi ileile (sijui kwanini sikukataa). Safari hii sikutaja kiwango kabisa. Nilimfuata kila mtu inboksi peke yake: "Dada, tunamchangia fulani, we unaweza shilingi ngapi bila kujibana, na utaitoa lini?" Hilo la lini usiliache, manake mtu akikwambia "baada ya mshahara" unamjua, akikwambia "tutaona" unamjua pia.

Watatu wakasema 70,000, watano 40,000, watano 20,000, wawili 10,000. Mmoja akaniambia ukweli kwamba hana kitu mwezi huo, nikamwambia basi wewe utaenda na mimi kuchagua na kusimamia mzigo, jina lako linakaa kwenye kadi kama wengine. Jumla ya ahadi 530,000. Hapo ndo zamani ningekimbilia dukani! Nikatoa robo kichwani, nikabaki na kama 400,000, nikapanga zawadi kwa hiyo.

Na nikachagua zawadi inayokubali kupunguzwa. Friji huwezi kununua nusu, ila cherehani unainunua kwanza, halafu vitenge, nyuzi na mkasi vinakuja kadiri hela itakavyobaki. Cherehani ya miguu tuliipata kwa 370,000.

Mwisho wa kupokea niliweka siku 3 baada ya mshahara, na shughuli wiki moja mbele, ili nipate nafasi ya kupumua. Ikaingia 445,000. Imepungua 85,000, na aliyenishangaza ni wa 70,000 mmoja aliyetoa 30,000. Wawili wa 20,000 hawakutoa kabisa, na mmoja wa 10,000 akatoa 5,000. Yaani mwenye mshahara mkubwa siyo lazima ndo mlipaji mzuri, usimtegemee yeye peke yake abebe zawadi.

Kitu kingine ni makato. Watu 16 wakikutumia kwenye simu bila ya kutolea, ukienda kwa wakala kutoa unakuta umekatwa na duka linataka hela kamili. Mimi niliuliza duka kama wana lipa namba, nikalipia cherehani moja kwa moja toka kwenye simu, nikatoa keshi ya usafiri tu, 15,000. Iliyobaki 60,000 ikaenda kwenye vitenge na nyuzi.

Kwenye grupu nikaweka picha ya risiti, jumla iliyoingia na iliyotumika, basi. Nani katoa ngapi nimeiandika kwenye daftari langu, akitaka mtu kuona chake namwonyesha chake. Kuna mmoja alikomalia list nzima, nikamwambia akitaka list aje achangishe yeye zawadi ijayo, akanyamaza.

Kama ingepungua mpaka cherehani isitoshe, nilishapanga kuwafuata wawili tu kwa siri na kuwatajia pengo lenyewe, mfano "tumepungukiwa 30,000, unaweza kuongeza 15,000?", wakikataa tunashuka kwenye cherehani iliyotumika. Ada ya mtoto haiguswi tena.

Mmoja wa wale wawili wa 20,000 alinitumia hela mwezi mmoja baadaye, cherehani ishaanza kushona. Nikamrudishia, nikamwambia ampelekee dada mwenyewe. Akaenda nayo, kisha akarudi tena kwa dada na gauni lake apunguziwe kiuno.