Akaunti ya pensheni ya Uingereza imefungwa, mzee yuko Nairobi

"Baba alifanya kazi Uingereza, sasa amestaafu na anaishi Umoja. Akaunti yake ya pensheni ya kampuni imejifunga, na namba za kuthibitisha zinatumwa kwenye laini ya kule iliyokufa. Wanataka athibitishe ni yeye, na hawezi kusafiri. Tuanzie wapi?"

Acheni kujaribu nywila. Kinachowazuia ni ile laini, na atakayeibadilisha ni mtu wa ofisini kwao, kwa hiyo pigeni simu. Namba zao za bure za 0800 kwa kawaida hazipatikani kutoka huku. Tafuteni kwenye barua zao inayoanza na +44. Wakifungua saa tatu asubuhi, kwetu ni saa sita mchana, au saa tano majira yao ya kiangazi. Mzee azungumze mwenyewe, kisha atoe idhini wakusikilize wewe. Awe na namba yake ya bima ya taifa, ile ya herufi mbili, tarakimu sita na herufi ya mwisho, pamoja na kiasi alicholipwa mara ya mwisho.

Mama yangu, anayeishi Buruburu, alijibu maswali yote, lakini ili wabadilishe namba ya simu walidai nakala ya pasipoti iliyothibitishwa na ushahidi wa makazi. Pasipoti haikusumbua. Tulikwenda kwa wakili aliye notari, akaiona pasipoti yenyewe, akaandika kwa Kiingereza kwamba nakala ni sawa na ya asili aliyoiona, akatia sahihi, tarehe, jina, anwani, simu na muhuri. Asiwe jamaa yenu. Kama jina la pasipoti halilingani na la kwenye pensheni, thibitisheni hapo hapo na cheti cha ndoa au hati ya kubadilisha jina.

Makazi ndiyo yaliyotutesa. Wao huwazia bili ya stima iliyoletwa mlangoni kwa jina la mteja. Huku mama anunua tokeni, bili ya maji ina jina la mwenye nyumba, na barua zake huja kwa sanduku la posta. Walikataa anwani ya sanduku. Mama akaenda benki yake, akaomba wasajili mtaa na namba ya nyumba, kisha wampe stetimenti mpya yenye anwani hiyo, iliyopigwa muhuri. Hiyo ilikubaliwa. Ulizeni kabla ya kutuma kama wanapokea picha kwa barua pepe au lazima karatasi. Sisi tulitakiwa kutuma karatasi, tukatumia kuria na kubaki na namba ya kufuatilia.

Kama baba analipwa pia pensheni ya serikali ya kule, kuna fomu ya kuthibitisha yu hai, ambayo huja kwa posta na husainiwa mbele ya shahidi. Hiyo haihusiani na akaunti hii, na ikipuuzwa malipo yanaweza kusimamishwa. Basi kagueni sanduku.

Mkifunguliwa, ulizeni kama wanaruhusu programu ya simu inayotoa namba za kuthibitisha bila kutegemea laini. Kama hawaruhusu, wasajili namba yake ya Kenya siku hiyo hiyo, na jaribuni kuingia kabla hamjakata simu.