Ujumbe wa kuomba kianzio cha kitanda

"Nimemwandikia mteja: Habari bosi, naomba advansi ya kitanda nianze kazi, nyingine utamalizia kikiwa tayari. Kimya siku 2. Niuwekeje?"

Hauna namba hata moja, hajui atume shilingi ngapi. Na "kikiwa tayari" huzaa ugomvi: wewe unamaanisha kimeshaunganishwa, yeye anamaanisha kimepigwa vanishi na kimefika kwake. Andika hivi:

"Habari za leo mama. Kitanda cha mninga, futi 5 kwa 6, bei 600,000 pamoja na vanishi. Naomba kianzio 360,000 cha mbao na vanishi. Salio 240,000 utalipa hapa karakana ukishakikagua, kabla hakijapakiwa. Kianzio kikiingia Jumatano tarehe 4, kitanda utakichukua Jumamosi tarehe 14. Usafiri ni wako."

Tarehe ifungwe na siku pesa inapoingia. Akichelewa siku 3, nawe unasogeza siku 3, na usogezaji huo mwandikie siku hiyohiyo.

— Nusu kwa nusu ndiyo kawaida, aombe 300,000 basi.

— Nusu inamtosha fundi cherehani aliyeletewa kitambaa. Hapa vifaa peke yake ni 360,000. Ukipokea pungufu utajazia kwa kianzio cha mteja mwingine, na kazi zote mbili zitachelewa.

— Mimi nashona sare. Mteja akighairi nikiwa nimeshakata kitambaa?

— Hilo mpatane kabla ya mkasi. Wengine hurudisha pesa iliyobaki, wengine hawarudishi kabisa.