Picha ya maombi ya kazi Ujerumani: kuvaa ushungi au kuvua

"Asalaam aleikum dada. Naomba nafasi ya mafunzo ya uuguzi Ujerumani. Wenzangu wananiambia nivue ushungi kwenye picha ya maombi, nikishafika ndiyo nivae. Wewe uliye huko unasemaje? Na kazini mnaangaliwa vipi, kusema kweli?"

Waaleikum salaam mdogo wangu. Usivue. Mimi nilivua, nami nitakueleza kilichonipata. Ila wenzako hawakudanganyi, wana sababu, na ni vizuri uijue.

Mwaka 2016 mwanauchumi Doris Weichselbaumer alitoa utafiti wake. Alituma karibu maombi 1,500 ya kazi za ofisini kwa kampuni za Ujerumani, yote yana picha ya mwanamke mmoja na vyeti vinavyolingana. Mwanamke huyo alipopewa jina la Kijerumani, Sandra Bauer, alijibiwa vizuri katika maombi 18.8 kwa kila 100. Alipopewa jina la Kituruki, Meryem Öztürk, ikashuka hadi 13.5. Meryem huyo huyo alipovalishwa ushungi, ikawa 4.2. Kwa hiyo mwenye ushungi ilimbidi atume maombi zaidi ya mara 4 ya Sandra ili apate majibu sawa naye. Uuguzi si kama kazi za ofisini, huku wauguzi wanatafutwa sana, lakini picha bado inasema kabla wewe hujasema.

Mimi niliyasikia hayo nikapiga picha kichwa wazi. Usaili ulikuwa wa simu, nikapita, nikapata viza. Siku ya kwanza nikaingia wodini na ushungi wangu. Mkuu wa wauguzi alinitazama, akafungua jalada langu, akaitazama picha, akanitazama tena. Hakufoka. Aliniambia kwa upole kwamba hospitali ile ni ya kanisa na wauguzi wake hawavai ushungi wakiwa kazini, na kwamba kwa picha yangu alidhani jambo hilo halinihusu. Sikuwa na la kujibu.

Kwa wiki saba nilikuwa naingia chumba cha kubadilishia nguo alfajiri kabla ya wengine, nafungua pini, naukunja ule mtandio, naufungia kabatini pamoja na viatu. Nikitoka kwenye korido nilihisi shingo yote iko nje, kila anayepita ananitazama, ingawa hakuna aliyekuwa ananitazama. Wiki ya nane nikasema siwezi. Nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio, ambacho kwa mafunzo ya uuguzi ni miezi 6, na humo pande zote mbili zinaweza kuvunja mkataba bila kungoja. Ukavunjwa.

Hapo ndipo wanaokushauri uvue hawafiki. Kibali cha kukaa cha mwanafunzi wa mafunzo kimefungwa kwenye nafasi ile ile aliyoipata. Mkataba ukivunjika na kosa si lako, sheria inakupa muda wa mpaka miezi 6 utafute nafasi nyingine. Ukikosa, unarudi. Mimi niliipata katika mwezi wa nne wa kutafuta, na miezi ile sikuwa na mshahara. Kukataliwa kwa barua pepe ukiwa bado nyumbani kunauma, lakini hakukuweki mahali kama pale.

Kwa hiyo jambo la kwanza kulitazama ni mwenye hospitali. Hospitali nyingi sana za huku ni za makanisa. Ukiona jina la Caritas, hiyo ni ya Kikatoliki; Diakonie ni ya Kiprotestanti; na jina la mtakatifu mlangoni nalo ni dalili. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kazi ya Ujerumani iliamua kwamba hospitali ya kanisa inaweza kumkataza muuguzi wake Mwislamu kuvaa ushungi kazini. Si zote zinazokataza, nina rafiki anayevaa katika hospitali ya Kikatoliki na hakuna aliyewahi kumgusa. Lakini huko ruhusa ni hisani yao, si haki unayoweza kuidai kirahisi.

Kwa hospitali za miji, za mikoa na za watu binafsi mambo ni mengine. Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilisema mwaka 2021 kwamba mwajiri anaweza kukataza alama za dini kazini, lakini akataze zote zinazoonekana, na msalaba nao, kwa kila mtu, na aonyeshe haja ya kweli. Akiukataza ushungi peke yake, huo ni ubaguzi. Na kuna sheria ya usawa ya mwaka 2006: ukikataliwa kwa ajili ya dini yako unaweza kudai fidia, ila dai liwe la maandishi na lifike ndani ya miezi 2 tangu upate jibu la kukataliwa. Wengi muda huo unawapita bila kujua. Ndiyo maana nakwambia uliza kwa barua pepe, usiulize kwa simu. Andika sentensi moja tu: "Navaa ushungi, je, naweza kuvaa wodini?" Jibu lao lolote litunze.

Umeuliza tunaangaliwaje. Neno utakalolisikia sana ni usafi. Kuna usafi wa kweli na kuna usafi wa kisingizio. Mwanzoni kwenye hospitali yangu ya pili pini yangu ilidondoka kwenye shuka za mzee mmoja aliyekuwa hajiwezi kugeuka. Aliyeiona ni muuguzi mwenzangu, kwa bahati tu. Alinikemea na alikuwa na haki. Tangu siku hiyo navaa kitambaa kisicho na pini, nafunga kisogoni, ncha zote ndani ya kola, kipya kila zamu, na kinafuliwa kwa nyuzi 60. Mikono nayo: kuanzia kiwiko kwenda chini inabaki wazi unapomhudumia mgonjwa, bila saa wala bangili, kwa kila mtu. Hilo halina mjadala, na kama moyo wako hauliwezi, ni bora ulijue sasa kabla ya viza.

Anayesema usafi kwa kweli atakutajia mambo ya namna hiyo: pini, kufua, mikono. Mwenye kisingizio ukimuuliza "nifanyeje basi?" hana jibu, anahamia kwenye "wagonjwa watajisikiaje". Nimeosha wagonjwa wengi. Waliokataa mikono yangu kwa ajili ya ushungi nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Macho makali zaidi nimeyapata kwenye chumba cha chai, kwa wenzangu wanaouliza kama mume ndiye aliyenilazimisha, na sina mume.

Shuleni usiogope sana, kwa kawaida wanafunzi hawakatazwi ushungi darasani. Usichanganye na Ufaransa, ambako shule za serikali zimeukataza tangu 2004.

Picha piga na kitambaa cha rangi moja, uso wote uonekane, nyuma kuwe peupe. Kisheria picha si lazima, unaweza kuiacha, ila usaili wa video watakuona tu. Tengeneza orodha ya hospitali unazotaka kuandikia, uniletee, nikuonyeshe zipi ni za kanisa kabla hujatuma.