Jibu: Kila k ni salama peke yake, mbona mfumo unalipuka?

> "Wakuu, nina mfumo wa springi ambao ugumu wake k unabadilika kati ya 1 na 4. Nimepima thamani aigeni kwa kila k, zote zina sehemu halisi hasi. Nikiuendesha kwenye kompyuta k ikiwa inabadilika, mtetemo unakua. Nimeambiwa nitafute P moja kwa LMI, programu inasema haipo. Sasa mfumo wangu hauna uthabiti au mimi ndiye nimekosea?"

Ndugu, hili liliwahi kunikuta kwenye meza ya majaribio iliyobebwa na springi ambayo ugumu wake unapangwa na mota. Ukigawa kila kitu kwa tungamo, na ukachagua kipimo cha muda kinachofanya ugumu mdogo kabisa uwe 1, mlingano wake, c ikiwa ufifishaji, ulikuwa huu:

```
x'' + c x' + k(t) x = 0,   c = 0.2,   1 <= k(t) <= 4
```

Mimi pia nilikagua thamani aigeni. Sehemu halisi ilikuwa -0.1 kwa kila k kati ya 1 na 4, nikaridhika. Aliyeandika programu ya mota alikuwa na wazo linaloingia akilini: meza ikienda mbali, springi iwe laini, ikifika mwisho wa safari yake na kuanza kurudi, springi ikaze ili irudi haraka. Tulipowasha, meza ilitetemeka zaidi na zaidi mpaka tukakata umeme.

Fuata nusu mzunguko mmoja tu utaona kilichotokea. Meza inapita katikati kwa kasi v, na k = 1. Inakwenda mpaka kilele cha 0.863v, kwa sababu ufifishaji umekula kidogo. Pale kileleni kasi ni sifuri, na hapo ndipo mota inakaza springi hadi k = 4. Springi iliyovutika ikikazwa inaongezewa nishati na mota, mpaka inafikia mara nne ya ile iliyokuwa nayo. Meza inarudi katikati kwa kasi ya 1.844 mara kilele, yaani 1.59v. Kisha mota inalegeza springi wakati x ni sifuri, ambapo kulegeza hakupunguzi nishati yoyote. Kila nusu mzunguko kasi inazidishwa kwa 1.59. Thamani aigeni haziwezi kukuonyesha hilo, kwa kuwa zinajibu swali la mfumo ambao k yake imegandishwa, na madhara yote hapa yanatokea kwenye kule kubadilika.

Sasa tuje kwenye P. Unachotafuta ni funksheni moja ya kipeo cha pili, V = z'Pz, ambapo z ni mahali na kasi kwa pamoja, na alama ' kwenye z au matriki ni kugeuza safu mlalo kuwa safu wima, inayoshuka kila wakati bila kujali k ni ipi. Kwenye karatasi ya mahali na kasi, V isiyobadilika huchora duaradufu. Ukipata duaradufu moja ambayo njia za mfumo huikata kuingia ndani kwa kila k, basi k ibadilike itakavyo, hata kwa kuruka ghafla, hakuna mlango wa kutokea nje. Masharti yenyewe, ambayo ndiyo LMI uliyoambiwa, ni kwamba P iwe chanya na A(k)'P + PA(k) iwe hasi kwa kila k, ambapo A(k) ni matriki inayozidishwa na z kutoa kasi ya badiliko la z. Na kwa kuwa k imeingia kwenye A kwa mstari ulionyooka, inatosha kukagua ncha mbili tu, k = 1 na k = 4. Matriki ya kati ni wastani wenye uzito wa zile za ncha, na wastani wa matriki hasi ni hasi. Angalia lakini: kama kwenye mfumo wako kuna mahali k imeingia kama k² au 1/k, njia hiyo ya mkato imefungwa, na kukagua ncha peke yake hakuthibitishi kitu.

Kwa mfumo huu wa vipimo viwili huhitaji hata kompyuta. Nakushauri uufanye kwa kalamu mara moja, kwa sababu mimi ndipo nilipoelewa LMI inauliza nini hasa. Andika

```
P = [ m + c²/2   c/2 ]
    [   c/2       1  ]

A'P + PA = [ -c k    m - k ]
           [ m - k    -c   ]
```

Nimeweka c/2 pembeni kwa makusudi. Ukijaribu namba nyingine pale utaona inabana zaidi, haikusaidii. Imebaki namba moja ya kuchagua, m. Matriki ya chini ni hasi pale tu c²k inapozidi (m - k)², yaani m iwe ndani ya umbali wa c√k kutoka k. Kila k inakupa kipande cha mstari ambamo m inaruhusiwa kukaa, nawe unatafuta m moja iliyo ndani ya vipande vyote. Ncha ya chini a inataka m < a + c√a. Ncha ya juu b inataka m > b - c√b. Vipande hivyo vinakutana ikiwa tu

```
√b - √a < c
```

Hilo ndilo jibu kamili la kuwepo kwa P moja katika mfumo huu. Jaribu c = 1 na k kati ya 1 na 3: k = 1 inaruhusu m kati ya 0 na 2, k = 3 inaruhusu kati ya 1.27 na 4.73. Chukua m = 1.5, P inakuwa 2 na 1 kwenye ulalo na 0.5 pembeni, kazi imekwisha. Kwa c = 1 na b = 4, vipande vinagusana pale 2 bila kuingiliana, P haipo. Kwa meza yetu, √4 - √1 ni 1 nasi tulikuwa na 0.2. Hatukuwa hata karibu.

Ukiwa na vipimo vingi zaidi, kalamu haitoshi, unaipa kompyuta:

```python
import numpy as np, cvxpy as cp
c, a, b = 1.0, 1.0, 3.0
A = [np.array([[0, 1], [-k, -c]]) for k in (a, b)]
P = cp.Variable((2, 2), symmetric=True)
I = np.eye(2)
con = [P >> I] + [M.T @ P + P @ M << -1e-3*I for M in A]
prob = cp.Problem(cp.Minimize(cp.trace(P)), con)
prob.solve(solver=cp.SCS)
print(prob.status, P.value)
for M in A:
    print(np.linalg.eigvalsh(M.T @ P.value + P.value @ M))
```

Usiandike `P >> 0` na `<< 0` ukaishia hapo. Alama hizo zinaruhusu sifuri, na P yenye sifuri tupu inatimiza kila sharti. Programu itakujibu `optimal` kwa furaha hata kwa mfumo unaolipuka. Mara ya kwanza nilipata P yenye namba za ukubwa wa 1e-9 nikadhani ni tatizo la vipimo, kumbe hiyo ndiyo sifuri yenyewe. Ndiyo maana nimeweka `I` upande wa kulia. Haikubani lolote, maana P ikifaa hata mara mia yake inafaa. Na mistari miwili ya mwisho usiiache kamwe: chukua P uliyopewa, hesabu upya thamani aigeni, uone kwa macho kwamba zote ni hasi. Programu hizi hukubali kupitiliza kidogo, hasa ukikaribia mpaka.

Je, P ikikosekana mfumo hauna uthabiti? Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanaandika hitimisho lisilo sahihi kwenye ripoti. Kwa c = 1 na a = 1, P moja inapatikana mpaka b ifike 4. Lakini nilihesabu ule ubadilishaji mbaya kuliko wote, laini ukienda na ngumu ukirudi, na kizidisho cha kasi kwa kila nusu mzunguko kinafika 1 pale b ni karibu 6.7. Kati ya 4 na 6.7 hakuna P, na bado hakuna namna ya kubadilisha k inayoweza kulipua mfumo. Duaradufu ni umbo gumu, si kila mfumo wenye uthabiti unaenea ndani yake. Wewe hujatutajia c yako. Kwa kuwa mtetemo wako unakua, uko upande mbaya wa mpaka wa kweli, si ule wa P peke yake, kwa hiyo LMI haikukudanganya.

Swali linalofuata ni kama k yako kweli inaweza kuruka. P moja inakulinda hata dhidi ya kuruka kwa ghafla mara zisizo na idadi, na ulinzi huo una gharama. Kama kasi ya k ina kikomo, acha P ibadilike pamoja na k. Kwenye P ile ya juu weka m = k. Pembeni mwa A'P + PA panakuwa sifuri kwa kila k, na kinachoongezeka ni k' kwa sababu V yenyewe sasa inategemea muda:

```
V' = -(c k - k') x² - c (x')²
```

Inatosha k' ibaki chini ya ck, kwa nafasi kidogo ya usalama. Nilipouona mstari huu mara ya kwanza nilikaa nao muda mrefu. Unasema kukaza springi ndiko kuwekewe kikomo cha kasi, na kulegeza kunaruhusiwa kwa haraka yoyote. Linganisha na hadithi ya meza: nishati iliingia wakati wa kukaza, si wakati wa kulegeza. Algebra na chuma vinasema jambo lilelile.

Kuthibitisha kwa P moja kungetaka tupandishe ufifishaji zaidi ya mara tano, kutoka 0.2 hadi kupita 1, na meza isingefaa tena kwa kazi yake. Tukaiambia mota isikaze kwa kasi inayozidi 0.15k. Kutoka 1 hadi 4 sasa kunachukua ln 4 gawanya kwa 0.15, yaani vipimo 9.2 vya muda, kama mzunguko mmoja na nusu wa mtetemo wa springi ikiwa laini. Kulegeza tukakuacha kama kulivyokuwa. Mtetemo ukawa unazimika kila tulipoijaribu.

Tuandikie c yako na kasi kubwa kabisa ya k' unayoitegemea. Kama k inabadilishwa na kitu chenye mota au vali, kikomo hicho unacho tayari, hujakiingiza tu kwenye hesabu.